Jaribio la msamiati la kila wiki kwa wanaojifunza Kiswahili: hatua kwa hatua, na majibu yakae bahashani hadi mwisho

Mwongozo huu ni kwa walimu wanaofundisha Kiswahili wageni hapa Dar es Salaam, hasa sisi tunaofundisha watu watatu wanne sebuleni, Mikocheni au Msasani. Nimeuandika baada ya kuletewa karatasi nyingi za kwizi na walimu wenzangu, karibu zote zikiwa na tatizo moja. Mwanafunzi anapata kumi kwa kumi Ijumaa, Jumatatu anapanda daladala na hana neno hata moja mdomoni.

Ukiziangalia karatasi zenyewe, sababu inaonekana mapema. Maswali ni orodha ya kutafsiri, upande huu Kiswahili na upande ule lugha ya mgeni. Na majibu yamechapwa chini ya ukurasa huohuo, eti kichwa chini miguu juu, kana kwamba mtu hawezi kugeuza karatasi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Madaftari ya wanafunzi ya wiki hiyo, au picha za kurasa zake
- Karatasi mbili tofauti: moja ya maswali, moja ya majibu
- Bahasha ya kufungwa kwa gundi
- Kalamu za rangi mbili kwa kila mwanafunzi, bluu na nyekundu
- Daftari lako la kumbukumbu
- Mtu mmoja aliyezaliwa na Kiswahili, asiye mwalimu, wa kulijaribu jaribio kabla ya wanafunzi. Mimi humtumia mtoto wa jirani wa darasa la nne.

Ukienda steshenari, chapisha maswali siku moja na majibu siku nyingine, au angalau katika mafaili mawili. Mwaka jana nilipeleka flashi yenye faili moja la kurasa mbili. Kijana akachapa, akabana kwa stepla, akanikabidhi vizuri kabisa ndani ya mfuko wa nailoni. Niligundua darasani, baada ya kugawa. Kazi ya wiki nzima ikaharibika kwa pini moja.

## Hatua ya 1: Chagua maneno kumi, usizidishe

Yatoe kwenye madaftari yao, usiyatoe kwenye kamusi. Neno ambalo mwanafunzi hajawahi kulisikia likitumika halina kazi kwenye jaribio, hata kama ni zuri.

Mgawanyo wangu ni huu: maneno saba ya wiki hii, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Hayo matatu ya zamani ndiyo yanayokuonyesha ukweli. Maneno ya wiki hii bado yana moto, na mtu anaweza kuyabeba hadi Ijumaa kisha akayaacha mlangoni.

Chagua pia kwa mada. Maneno saba ya daladala yanajenga safari moja kichwani mwa mwanafunzi, wakati maneno saba yaliyookotwa huku na kule hayashikani na kitu.

## Hatua ya 2: Andika swali lote kwa Kiswahili

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Swali la Kiswahili halimaanishi kunakili maana ya kamusi. Ukiandika "Malipo yatolewayo na msafiri ili kusafirishwa na chombo huitwa nini?", umempa mgeni mlima wa kupanda kabla hajafika kwenye neno lenyewe. Kanuni ni moja: kila neno ndani ya swali liwe jepesi kuliko neno unaloliuliza, na liwe neno alilokwisha kulizoea.

Njia nyepesi ni kumwekea tukio. Nilianza hivi:

*Konda ananyoosha mkono na kutikisa sarafu. Anataka ______.*

Nililipenda sana swali hili. Kila aliyepanda daladala ya Mwenge anaijua ile sauti ya sarafu kiganjani. Lakini mwanafunzi mmoja aliandika "pesa", na karatasi yangu ya majibu ilisema "nauli".

"Mwalimu, nimeandika pesa. Si sawa?"

"Ni sawa kabisa. Swali langu ndilo lenye kosa."

Nikampa alama zake, nikalibadilisha swali: *Kutoka Mwenge hadi Posta, ______ ni shilingi ngapi?* Sasa "pesa" haiingii. Anayeweza kujikwaa ni atakayeandika "bei", na huyo kosa lake lina faida, kwa sababu linatupa nafasi ya kusema kwamba bei ni ya kitu na nauli ni ya safari.

Kama tukio halijabana vya kutosha, mpe herufi ya kwanza au mbili za jibu. Si kumsaidia kuiba. Ni kumwambia kwamba unatafuta neno moja mahususi kati ya mengi yanayofaa.

## Hatua ya 3: Ziba mwanya wa ngeli

Kiswahili kina mtego ambao walimu waliojifunza kutunga maswali kwa lugha nyingine hawauoni. Upatanisho wa ngeli unaweza kuvujisha jibu. Tazama:

*Tumeshukia kwenye ______ kipya karibu na soko.*
*(a) barabara (b) kituo (c) mtaa (d) daraja*

Mwanafunzi asiyejua kituo ni nini atapata alama zote. Ataona "kipya", atatafuta neno linaloanza na ki-, basi. Umepima ngeli ukidhani umepima msamiati.

Dawa ni kuweka machaguo yote katika ngeli moja: kituo, kiti, kioo, kiatu. Yote yanakubali "kipya", hivyo inabidi ajue maana.

Jipime hivi: ziba sentensi kwa mkono, acha machaguo na lile neno moja la upatanisho. Kama bado unaweza kupata jibu, swali linavuja.

Kwa vitenzi, machaguo mazuri ni ndugu wa mzizi mmoja. Pita, pitia, pitisha na pisha vinafanana kwa sura, na mgeni huvichanganya kwelikweli. Hapo unampima mahali anapoumia.

## Hatua ya 4: Mpe mzawa alijaribu

Kaa na yule mtu wako, mpe karatasi, usimweleze chochote. Usimwambie pia kwamba ni rahisi. Kila mahali atakapoandika jibu tofauti na lako, jibu lake ni Kiswahili, kwa hiyo swali ndilo la kurekebisha.

Mfano ni swali la kushuka. La kwanza lilikuwa *Konda, ni______ kituo kinachofuata*, nikitarajia "nishushe". Mwanafunzi mmoja akaandika "nishuke", akajitetea kwamba yeye ndiye anayeshuka. Nikalirekebisha kuwa *naomba uni______*, maana "unishuke" haisimami. Nikampa mtoto wa jirani. Akaandika "uniache", bila kusita.

Na kweli watu husema hivyo. Nikaongeza herufi mbili: *naomba unish______*. Swali moja, matoleo matatu. Usione uvivu, ukishalinyoosha, litakutumikia miaka.

## Hatua ya 5: Andika majibu yenye safu tatu

Majibu ya neno mojamoja hayamfundishi mtu. Kwa kila swali andika jibu lenyewe, majibu mengine unayoyakubali, na kosa unalolitarajia pamoja na sababu yake kwa sentensi moja fupi.

Safu ya pili ina umuhimu wake hapa Dar, kwa sababu maneno ya mtaani na ya vitabuni yanatembea pamoja. Mwanafunzi aliyejifunza "kondakta" hajakosea, na anayeandika "konda" hajakosea pia. Amua kabla, si wakati mtu amekusimamia akibishana.

Kila swali nalipa alama mbili. Moja ni ya kupata neno, nyingine ya umbo lake sahihi na tahajia. Aliyeandika "fuleni" badala ya "foleni" analijua neno, anastahili alama moja. Swali la kuchagua halina nusu. Jumla ni ishirini.

Ukimaliza, tia majibu kwenye bahasha na uifunge kwa gundi. Bahasha ikae mezani, wote waione imefungwa. Nimeona kwamba ikionekana, maswali ya "Mwalimu, nichungulie kidogo?" yanakwisha yenyewe.

## Hatua ya 6: Siku ya jaribio

Dakika nane za kuandika, kwa kalamu ya bluu. Kufuta hakuruhusiwi. Akibadilisha mawazo, anakata kwa mstari mmoja ili jibu la kwanza lisomeke.

Asiache pengo tupu. Hata kama hajui, aandike anachokisia. Kujaribu kulivuta neno kutoka kichwani ndiyo kazi yenyewe. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma aya na wale waliojilazimisha kuikumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana majibu yanafichwa. Anayeyaona mapema hujiambia "nilikuwa nalijua", na hajawahi kulivuta hata mara moja.

Kisha dakika mbili: kila mmoja azungushie duara namba za maswali ambayo ana uhakika nayo. Duara hizi zina thamani kuliko alama. Kosa lililofanywa kwa uhakika, mtu akishtuka kuona jibu, husahihishika na kubaki vizuri zaidi kuliko kosa la kubahatisha. Na wewe unapata kujua nani anatembea na neno lisilo sahihi huku akiliamini.

Onyo: Kama darasa lako ni la WhatsApp, majibu yasiandikwe kwenye kundi. Wa kwanza akituma, wengine wote wamekwisha. Kila mtu apige picha ya karatasi yake, aitume kwako peke yako, na majibu uyaweke kwenye kundi baada ya picha ya mwisho kufika.

## Hatua ya 7: Fungua bahasha, siku hiyohiyo

Kalamu za bluu zinakusanywa zote. Zinabaki nyekundu tu. Hapo ndipo bahasha inafunguliwa.

Kila mwanafunzi anasahihisha karatasi yake mwenyewe. Jibu baya halifutwi. Jibu sahihi linaandikwa pembeni kwa nyekundu, na chini yake sentensi mpya inayotumia neno hilo. Sentensi iwe yake, si ile ya kwenye swali. Aliyekosa "foleni" aandike kuhusu foleni aliyokaa yeye asubuhi.

Usiahirishe majibu hadi wiki ijayo. Katika maswali ya kuchagua, mtu aliyechagua jibu baya na asisahihishwe anaweza kuondoka nalo kama kitu alichojifunza. Kwa kuficha majibu namaanisha hadi kalamu ziwekwe chini, si zaidi ya hapo.

Mwanafunzi akileta jibu ambalo hukulifikiria, na ni Kiswahili safi, mpe alama na uliandike kwenye safu ya pili mbele yake.

## Hatua ya 8: Jaza daftari la kumbukumbu

Andika neno, tarehe, nani alilikosa, na kama alikuwa amelizungushia duara. Neno lililokosewa linarudi wiki ijayo, kwa sentensi tofauti. Lililopatikana linarudi baada ya mwezi.

Wote wakikosa swali moja, usiwalaumu kwanza. Lisome upya swali. Likiwa zima, basi ulifundisha haraka.

Utajua kazi inakwenda kwa kuangalia yale maswali matatu ya zamani peke yake. Katika darasa langu huchukua wiki tano sita kabla hayajaanza kupatikana bila shida. Alama za maneno mapya usizitegemee, zinapanda na kushuka kwa mada.

Na ujue mpaka wa karatasi. Haipimi sikio. Mtu anaweza kuandika "kituo" vizuri na bado asimsikie konda akikitaja jina mbiombio mlangoni. Kwa hiyo kila wiki ya nne nasoma maswali mawili kwa sauti, mara moja tu, kwa kasi ya kawaida, bila kuyaandika.

## Jaribio zima: wiki ya daladala

Lijaze wewe mwenyewe kwanza, kwa kalamu, kabla ya kushuka kwenye majibu. Kama jibu lako halimo hata kwenye yanayokubalika, umenipatia swali la kurekebisha.

1. Kutoka Mwenge hadi Posta, ______ ni shilingi ngapi?
2. Nimempa konda noti ya elfu tano. Sasa nasubiri ch______ yangu.
3. Hakuna ajali na barabara ni nzuri, lakini magari yamesimama nusu saa. Ni saa 12 jioni, watu wanarudi nyumbani. Leo kuna ______ kubwa.
4. Konda, naomba unish______ kituo kinachofuata.
5. Ndani ya gari kuna dereva, konda na a______ thelathini.
6. Tumeshukia kwenye ______ kipya karibu na soko. (a) kiti (b) kioo (c) kituo (d) kiatu
7. Gari limejaa. Bibi amepanda. Kijana anasimama, anam______ ili akae. (a) pita (b) pisha (c) pitia (d) pitisha
8. Leo ni Ijumaa. Juzi ilikuwa siku ya ______.
9. Muuzaji amesema elfu tano, mimi nina elfu nne. Namwambia: "Mama, nipu______ kidogo."
10. Maji yamekatika. Nimenunua lita ishirini kwenye ______ la njano.

## Majibu

1. nauli. Kosa la kutarajia: "bei". Bei ni ya kitu unachonunua, nauli ni ya safari.

2. chenji. Inakubalika: chenchi, kwa alama moja.

3. foleni. Inakubalika: msongamano, kwa alama moja. Neno ni sahihi ila upatanisho ungekuwa "mkubwa".

4. unishushe. Kosa la kutarajia: "unishuke". Abiria hushuka, konda humshusha.

5. abiria. Neno halibadiliki, awe mmoja au thelathini.

6. (c) kituo. Anayechagua kiti amesoma neno "kwenye" na kuwaza kukaa. Mrudishe kwenye "tumeshukia".

7. (b) pisha. Kosa la kutarajia: "pita". Kumpita mtu ni kumwacha nyuma, kumpisha ni kumwachia nafasi.

8. Jumatano. Kosa la kutarajia: "Alhamisi". Hiyo ni jana.

9. nipunguzie. Inakubalika: nipunguze, kwa alama moja. Neno limepatikana, lakini "nipunguze" ni mimi ndiye ninayepunguza. Mwisho wa -ie unasema apunguze kwa ajili yangu.

10. dumu. Inakubalika: kidumu, kwa alama moja, maana kingekuwa "cha njano". Kosa la kutarajia: "ndoo". Ndoo ingekuwa "ya njano", na haina mfuniko wa kuzungusha.